Barua ya mwalimu anayeomba kazi ya ukufunzi kampuni bila cheti kilichotajwa: mwongozo kamili

Barua za walimu wanaotaka kuhamia kwenye ukufunzi wa makampuni huanguka mahali pamoja. Tangazo limetaja cheti cha ukufunzi, kile ambacho wengi hukiita cheti cha TOT. Mwalimu hana, na badala ya kusema neno juu yake anaandika aya tatu za jinsi anavyoupenda ualimu. Anayezipitia barua amekaa na tangazo pembeni, anatia alama sharti baada ya sharti. Akifika kwenye cheti hakuti kitu, anaiweka barua kando. Wengine hukitaja, lakini kwa kuomba radhi mpaka ukurasa unaisha.

Mwongozo huu ni wa hali hiyo tu: una shahada au stashahada ya ualimu, umefundisha miaka kadhaa, na kampuni binafsi inataka sharti moja rasmi ambalo huna. Tutamfuata mwalimu wa Kemia wa sekondari binafsi hapa Tanga mjini, anayeomba kazi ya Afisa Mafunzo katika kiwanda kilicho upande wa Pongwe. Mwalimu na kiwanda nimewatunga ili tuwe na kitu cha kushika mkononi. Tangazo lao linasema hivi:

*Shahada ya Rasilimali Watu, Elimu au fani inayoendana. Cheti cha ukufunzi kinachotambulika. Uwezo wa kuandaa na kuendesha mafunzo kwa wafanyakazi. Awe tayari kufanya kazi na zamu zote.*

Shahada anayo, zamu anaziweza. Cheti hana.

## Weka hivi mezani kabla ya kuandika neno

- Tangazo zima, kama lilivyotolewa na kampuni. Ule muhtasari uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp mara nyingi umekatwa sentensi inayokuhusu.
- Vyeti vyako vya taaluma na wasifu wako.
- Barua yoyote ya kukupa jukumu nje ya kipindi cha darasani: msimamizi wa maabara, mwalimu wa taaluma, mkuu wa idara, mratibu wa mafunzo ya walimu kazini.
- Kumbukumbu zilizoandikwa: daftari la vifaa, mahudhurio ya semina uliyoendesha, orodha za ukaguzi, mihtasari ya vikao.
- Jina na simu ya mtu aliyeiona kazi yako na aliyekubali kupigiwa.

Kumbukumbu ndizo zinazosahaulika, na ndizo zitakazobeba barua. Kama ziko shuleni, omba ruhusa ya kunakili kabla hujatangaza kwamba unataka kuondoka.

## Hatua ya 1: Jua kama sharti hilo linapindika

Kuna masharti ambayo barua haiwezi kuyagusa, hata iandikwe vizuri namna gani. Ukiyatambua mapema unaokoa nauli na muda.

La kwanza ni sharti la kisheria. Tangazo likitaka leseni au usajili unaotolewa na mamlaka, mwajiri mwenyewe hana uwezo wa kukusamehe. Mfano rahisi ni mkufunzi wa madereva asiye na leseni ya daraja la magari anayotakiwa kufundishia. Hapo hakuna aya ya kuokoa.

La pili ni ajira za utumishi wa umma zinazopitia Ajira Portal. Sifa za kila kada zimeandikwa kwenye muundo wa utumishi, na wanaochambua maombi wanalinganisha sifa hizo na vyeti ulivyopakia. Asiye na sifa ya msingi anachujwa kabla barua yake haijasomwa kwa makini. Kwa nafasi hizo pata cheti kwanza, uombe baadaye.

Linalobaki ni sharti ambalo kampuni binafsi imejiwekea yenyewe, na hili ndilo letu. Soma maneno yaliyolizunguka. "Itakuwa sifa ya ziada" maana yake unaruhusiwa kukosa. "Au uzoefu unaolingana" ni mlango ulio wazi kabisa, na inashangaza walimu wangapi wanaupita bila kuuona. "Lazima awe na" ni kazi ngumu zaidi, ila haijafungwa.

Likiwa la "lazima", uliza. Piga simu ofisi ya rasilimali watu, au kama kiwanda kiko karibu pita getini asubuhi uombe kuonana na mhusika. Uliza swali moja: "Mwombaji ambaye yuko masomoni kwa cheti hicho anaruhusiwa kuomba?" Usisimulie maisha yako. Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Akisema hapana, mshukuru na uache. Akisema ndiyo, au akisema "leta tu tutaangalia", una sababu ya kuendelea.

Onyo: hesabu unakosa mangapi. Barua inaweza kubeba pengo moja rasmi. Ukikosa cheti, na shahada uliyonayo si waliyoitaja, na hujawahi kufundisha mtu mzima, tafuta tangazo la ngazi ya chini kidogo, kama mratibu au msaidizi wa mafunzo.

Hatua hii imekamilika unapoweza kusema kwa sentensi moja: "Nakosa kitu kimoja, kampuni yenyewe ndiyo iliyokiweka, na haijanikatalia."

## Hatua ya 2: Tafuta kile mwajiri anachokiogopa

Hakuna meneja anayelala akiwaza vyeti. Anachowaza ni kulipa mtu mshahara wa miezi sita, wafanyakazi watolewe kwenye mashine wakae ukumbini, na mwishowe makosa yawe yale yale. Cheti ni dhamana yake dhidi ya hasara hiyo. Ukijua kinadhamini nini, unaweza kumpa dhamana nyingine.

Cheti cha ukufunzi kinamwambia mambo matatu.

Moja, kwamba mwenye nacho anaanzia kwenye tatizo la kazi. Hapa walimu tuna udhaifu wa kweli. Shuleni muhtasari unatoka Taasisi ya Elimu Tanzania, nasi kazi yetu ni kuugawa kwenye azimio la kazi na andalio la somo. Kiwandani hakuna muhtasari. Msimamizi wa zamu anakuja na lawama tu: "Vijana wangu wanakosea vipimo." Mkufunzi lazima achunguze kama hawajui kupima, au wanajua lakini mizani ni mbovu, au wanaharakishwa ili kujaza lori. Sababu ya kwanza inatibika kwa mafunzo. Mbili zilizobaki ungezifundishia mwaka mzima bila kitu kubadilika.

Mbili, kwamba anawaweza watu wazima. Fundi aliyekaa na mashine miaka ishirini hatakunyooshea kidole akiomba ruhusa ya kuuliza. Atakaa kimya, na ukikosea jina la kifaa chake umeshampoteza.

Tatu, kwamba anarudi kuangalia. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick alipendekeza kupima mafunzo kwa ngazi nne, na wakufunzi wa makampuni wanazitumia mpaka leo: kama washiriki waliyapenda, kama walijifunza, kama wanafanya kazi tofauti waliporudi, na kama kampuni imepata matokeo. Mtihani wa shule unaishia ngazi ya pili. Mwajiri analipia ya tatu na ya nne.

Chukua karatasi, andika mambo hayo matatu, acha nafasi chini ya kila moja. Zitajazwa katika hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Chimba ushahidi wa watu wazima waliobadilika kazini

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Ukiimaliza vizuri, barua yenyewe ni kazi ya jioni moja.

Karibu kila mwalimu huanza na ufaulu: "Wanafunzi wangu wamepanda kutoka wastani wa C hadi B." Ni jambo la kujivunia, lakini mbele ya afisa rasilimali watu lina matatizo mawili. Wale ni watoto waliolazimika kuwa darasani, na matokeo yao yana mikono mingi ndani yake: wazazi, masomo ya ziada, mtihani mwepesi. Liweke kwenye wasifu. Kwenye barua halijibu hofu yoyote kati ya zile tatu.

Tafuta mahali ulipomfundisha mtu mzima namna ya kufanya kazi. Walimu wengi wamefanya hivyo bila kuliita jina. Uliwapokea walimu wapya ukawaonyesha ujazaji wa taarifa. Uliendesha kikao cha idara mtaala mpya ulipoanza kuingia kwa awamu mwaka 2024. Ulisimamia jumuiya ya kujifunza ya walimu kwenye MEWAKA. Uliwafundisha wenzako kutumia vishkwambi kuingiza alama. Hivyo vyote ni mafunzo ya wafanyakazi, na washiriki wake walikuwa wafanyakazi kweli.

Mwalimu wetu wa Kemia ni msimamizi wa maabara. Mwanzoni alidhani hana cha kusema zaidi ya "nilisimamia maabara kwa miaka minne". Tukilifungua daftari la uharibifu, mambo yanajitokeza.

Katika muhula mmoja vifaa vya kioo 31 vilivunjika: bikari, mirija, silinda za kupimia. Uongozi uliamini ni utundu wa wanafunzi na ukataka wakaripiwe. Yeye alisoma daftari mstari kwa mstari, safu ile ya "ilivunjika wakati gani", akakuta vifaa 18 vilivunjika baada ya kipindi, wakati wa kuosha na kurudisha kabatini. Kazi hiyo ilifanywa na wahudumu na walimu, wanafunzi wakiwa wameshatoka. Vioo viliwekwa vikiwa na maji, silinda ndefu zikalazwa nyuma ya bikari, anayefuata akivuta moja anaangusha mbili.

Akaandaa vipindi vitatu vya dakika 40 kwa watu tisa. Wawili kati yao walikuwa wahudumu aliowakuta kazini, wakubwa kwake kwa umri. Hakuwasomea kanuni. Aliwaomba hao wawili waonyeshe wenyewe wanavyoosha, kisha kikundi kikakubaliana kipi kibaki na kipi kibadilike. Kila mmoja akafanya kwa mikono yake mbele ya wenzake. Kwa wiki sita alipita na orodha ya mambo manane, akitia alama. Muhula uliofuata vilivunjika 12.

Sasa mambo matatu ya kwenye karatasi yamejaa. Alichunguza tatizo kabla ya kufundisha, akawaweza watu wazima waliomzidi, akarudi kuangalia, na kuna matokeo yanayohesabika.

Kabla ya kuishika namba hiyo, ijaribu kama atakavyoijaribu msaili mgumu. Je, muhula wa pili kulikuwa na majaribio machache? Kama majaribio yalipungua kwa nusu, kupungua kwa vioo hakuthibitishi chochote. Mwalimu wetu alihesabu kwenye ratiba ya maabara akakuta idadi haikubadilika, ndiyo maana namba yake inasimama. Kama yako haisimami, tumia tukio la kabla na baada bila namba. Barua yenye namba inayoporomoka kwa swali moja ni mbaya kuliko barua isiyo na namba.

Onyo jingine: usikipandishe cheo kilichotokea. Vipindi vitatu vya dakika 40 visigeuke "programu kamili ya mafunzo ya usalama". Mkuu wako wa shule atapigiwa simu, naye atasimulia alichokiona.

Kama huna daftari, mtafute mtu. Mwandikie mwenzako uliyemfundisha, muulize anafanya nini leo ambacho hakukifanya kabla. Akijibu kwa jambo mahususi unalo la kuandika. Akijibu "ulitusaidia sana", endelea kutafuta.

## Hatua ya 4: Andika sentensi ya pengo

Sentensi inayokiri pengo iwe fupi kuliko zote katika barua. Hizi ndizo ninazokutana nazo:

*"Ingawa sina cheti cha ukufunzi, naamini uzoefu wangu unatosha."* Unaamini wewe. Msomaji bado hajaona kitu.

*"Naomba mnisamehe kwa kukosa cheti kilichotajwa, hali ya maisha haikuniruhusu."* Hujamkosea mtu. Na hali ya maisha haiandai mafunzo.

*"Nina sifa zote zilizotajwa."* Huu ni uongo unaogundulika dakika ile anapofungua viambatisho. Sina haja ya kueleza habari ya kughushi cheti. Hilo ni kosa la jinai.

Andika hivi: *"Tangazo lenu linataka cheti cha ukufunzi kinachotambulika. Cheti hicho sina."* Kisha, bila kuvuta pumzi, sema unachofanya kulihusu.

Mahali pake ni aya ya tatu. Ukiiweka ya kwanza, msomaji anabeba "hana" kichwani anaposoma yote yanayofuata. Ukiiweka mwisho, inaonekana umeificha chini ya mkeka. Ikija baada ya ushahidi wa maabara, anaisoma akiwa ameshaona mtu anayeweza kazi.

Unachofanya kulihusu lazima kiwe kitu, kisiwe nia. "Nina mpango wa kusoma" haina uzito. Kozi yenye jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na risiti ya ada ina uzito. Kwa anayetafuta pa kuanzia, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi cha Morogoro kilicho chini ya VETA ni mahali pa kuulizia kwanza, kwa kuwa kazi yao inagusa watu wazima na mafunzo ya kazi. Usilipe ada ya kozi yoyote kabla hujamuuliza mwajiri, kwenye ile simu ya hatua ya kwanza, ni vyeti vya nani wanavyovitambua. Kuna kozi za siku mbili za hotelini zinazotoa cheti kizuri cha kutundika ukutani na zisizohesabiwa na mtu.

Angalia pia kozi isigongane na sharti jingine. Kiwanda kinataka mtu wa zamu zote, kwa hiyo masomo ya kila jioni yanafungua pengo la pili wakati unaziba la kwanza. Mwalimu wetu alichagua masomo ya masafa kwa sababu hiyo.

Kama bado hujajiandikisha popote, usiahidi. Toa kitu kingine ambacho mwajiri anaweza kukikagua: kuendesha mafunzo ya majaribio mbele yao. Mwalimu ana faida hapa, maana waombaji wengi wenye vyeti hawapendi kupimwa wakiwa wamesimama.

## Hatua ya 5: Panga barua kwenye ukurasa mmoja

Hii ndiyo barua ya mwalimu wetu, nzima.

> S.L.P. ……,
> Tanga.
> Tarehe ……
>
> Meneja Rasilimali Watu,
> (Jina la kampuni),
> S.L.P. ……,
> Tanga.
>
> Ndugu,
>
> YAH: MAOMBI YA KAZI YA AFISA MAFUNZO
>
> Naomba nafasi ya Afisa Mafunzo mliyoitangaza tarehe ……. Nina Shahada ya Elimu (Sayansi) na nimefundisha Kemia kwa miaka saba. Kwa miaka minne ya mwisho nimekuwa pia msimamizi wa maabara, nikiwafundisha kazi walimu wapya na wahudumu.
>
> Katika muhula mmoja vifaa vya kioo 31 vilivunjika maabara. Nilipitia daftari la uharibifu nikakuta 18 vilivunjika wakati wa kuosha na kurudisha kabatini, baada ya wanafunzi kutoka. Niliandaa vipindi vitatu vya dakika 40 kwa watumishi tisa, wakiwemo wahudumu wenye uzoefu mkubwa kuliko wangu, kila mmoja akifanya kwa vitendo. Kwa wiki sita nilikagua utendaji wao kwa orodha ya mambo manane. Muhula uliofuata, idadi ya majaribio ikiwa ile ile, vilivunjika 12. Mkuu wa shule yuko tayari kuthibitisha, na orodha ya ukaguzi nimeiambatisha.
>
> Tangazo lenu linataka cheti cha ukufunzi kinachotambulika. Cheti hicho sina. Nimejiandikisha kozi ya …… katika chuo cha ……, kwa njia ya masafa, kuanzia tarehe …… hadi tarehe ……. Risiti ya ada imeambatishwa. Kwa sasa niko tayari kuendesha mafunzo ya majaribio ya dakika 30 kwa kikundi cha wafanyakazi wenu, kwa mada mtakayoichagua, ili mnipime kwa kazi yenyewe.
>
> Nimeona kuwa kazi inahusisha zamu zote, ikiwemo ya usiku, nami nimekubali. Naweza kuanza baada ya notisi ya siku 28 kwa mwajiri wangu wa sasa.
>
> Wako,
>
> (Sahihi)
> (Jina, namba ya simu, barua pepe)

Tazama ilivyokaa. Haina "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kwa kuwa kichwa kiko pale na msomaji ana macho. Haina "Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa", ambayo ina heshima yake serikalini lakini kiwandani inamtambulisha mwandishi kama mtu ambaye bado hajatoka ofisi ya mkuu wa shule. Neno "mwanafunzi" limetajwa mara moja, tena kwa kusema kwamba walikuwa wameshatoka.

Aya ya pili ndiyo ndefu kuliko zote, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiona aya ya cheti imeizidi urefu, umeanza kujitetea, kata.

Kuhusu notisi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka isipungue siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ila mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Usome kabla ya kuandika namba. Aliye mtumishi wa umma afuate masharti ya utumishi wake ya kuacha kazi, na asitaje tarehe ya kuanza asiyoweza kuitimiza.

Tangazo likiwa kwa Kiingereza, andika barua kwa Kiingereza, kwa mpangilio huu huu.

## Hatua ya 6: Ondoa chaki kwenye lugha

Pitia barua ukiwa na kalamu nyekundu, unaijua kazi hiyo. "Wanafunzi" wawe washiriki au watumishi, kama kweli walikuwa watumishi. "Kipindi" kinaeleweka, kiache. "Andalio la somo" liwe mpango wa mafunzo, "zana za kufundishia" ziwe vifaa vya mafunzo, "mada ndogo" ifutwe. Maneno kama "kujituma", "uadilifu" na "kufanya kazi chini ya shinikizo" yafute yote.

Kisha mpe barua mtu asiye mwalimu: jirani wa benki, binamu aliyeko bandarini. Asome mara moja, umnyang'anye, umwulize mambo mawili: "Nimekosa nini? Na nimefanya nini juu yake?" Akijibu yote mawili bila kusita, iko tayari. Akijibu la kwanza tu, rudi hatua ya nne.

## Hatua ya 7: Ambatisha na utume

Weka viambatisho kwa mpangilio wa barua: shahada, orodha ya ukaguzi wa maabara, risiti ya ada, wasifu. Orodha ya ukaguzi iwe ukurasa mmoja, na majina ya wenzako yafutwe. Waliokaguliwa hawakukuruhusu uyapeleke kiwandani. Usiambatishe cheti cha kushiriki semina ya siku moja ili kujaza nafasi ya cheti kilichokosekana. Anayechambua ataona unajaribu kukipitisha kama mbadala.

Unganisha vyote kuwa faili moja la PDF lenye jina linaloeleweka, mfano `Maombi_Afisa_Mafunzo_JinaLako.pdf`. Kwenye mada ya barua pepe andika jina la kazi na namba ya tangazo kama ipo. Mwilini weka sentensi mbili tu, usiinakili barua yote. Lifungue faili kwenye simu kabla ya kutuma, maana huko ndiko litakakosomwa kwanza, na risiti iliyopigwa picha gizani haisomeki.

## Simu ikiita

Swali litakuja mapema: "Kwa hiyo cheti bado?" Jibu kwa maneno ya barua yako: "Bado. Kozi inaanza tarehe fulani, inaisha tarehe fulani." Nyamaza hapo. Wengi huharibu kwa kuendelea kujieleza mpaka pengo linakuwa kubwa kuliko lilivyokuwa kwenye karatasi.

Wakikubali mafunzo ya majaribio, omba kukaa saa moja na msimamizi wa eneo husika kabla ya siku yenyewe, uone kazi inavyofanyika. Wakikupa mada bila kukuruhusu kuona kazi, anza kipindi kwa kuwauliza washiriki wakuonyeshe wanavyofanya.

Na wakikupa kazi, yaelekea mkataba utakuwa na kifungu cha kukitaka cheti ndani ya muda fulani. Soma tarehe hiyo kwa makini kabla ya kusaini. Omba ihesabiwe kuanzia siku chuo kinapotoa matokeo, maana vipindi vinaweza kuisha mwezi huu na cheti kikatoka miezi kadhaa baadaye. Kama chuo kinatoa barua ya uthibitisho wa kuhitimu, omba iandikwe humo kwamba barua hiyo itakubalika wakati cheti kinasubiriwa.